Kafuri, karafuu na namba zilizo ndani ya mabano

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, shahada ya ualimu wa sayansi. Mhadhiri alituchorea kafuri ubaoni akasema jina lake ni 1,7,7-trimethylbicyclo[2.2.1]heptan-2-one. Namba za kwenye mabano nazipata, lakini nikihesabu kaboni mwenyewe ketoni inaniangukia namba 3, nikirudia inakuwa 6. Tena kwenye zoezi kuna kampaundi yenye [7.2.0]. Daraja la sifuri ni daraja gani? Naomba unieleweshe mtu anaanzia wapi, na anajuaje kwamba amepatia."

Marahaba. Hiyo 3 na hiyo 6 hukukosea kuhesabu. Kafuri ina njia nne halali za kuhesabika, na wewe umeshazipita mbili. Zilizobaki ni mbili tu, na moja kati yake ndiyo ya kitabu.

Kabla ya namba, shika kitu mkononi. Chukua vizibo viwili vya soda, toboa kila kimoja matundu matatu, kisha viunganishe kwa nyuzi tatu. Uzi wa kwanza utie shanga mbili, wa pili shanga mbili, wa tatu shanga moja. Umetengeneza kiunzi cha kafuri. Kila kizibo ni kaboni, kila shanga ni kaboni, na nyuzi ni bondi. Vile vizibo ndivyo mimi huviita nguzo, kwa sababu madaraja yote matatu yanaegemea hapo. Nyuzi zenye shanga ndizo madaraja. Sasa vingirisha hicho kidude mezani, kigeuze, kikandamize: sura itabadilika kila mara, lakini shanga zitabaki mbili, mbili, moja. Ndiyo maana mabano huandikwa [2.2.1]. Yanaeleza shanga za kila uzi, kubwa ikitangulia, na nukta katikati, si mkato. Nguzo hazihesabiwi ndani ya mabano kwa sababu si mali ya daraja lolote. Ni za yote matatu.

Na sifuri yako imeshajijibu hapo. Vuta uzi mmoja, toa shanga zote, kaza mpaka vizibo vigusane. Bado vimefungwa, ila katikati hakuna kitu. Daraja la sifuri ni bondi inayounganisha nguzo mbili moja kwa moja. Ukiona sifuri kwenye mabano, jua pete mbili zimebandikana ubavu kwa ubavu na zinachangia bondi hiyo moja. Ukiona namba tatu zote kuanzia moja kwenda juu, basi pete zimepandana na daraja limepita juu yake, kama kafuri.

Kwenye mchoro, tatizo huwa kuzitambua nguzo zenyewe. Wanafunzi wengi hutafuta kaboni "yenye matawi mengi" na kuiita nguzo. Si hivyo. Kafuri ina kaboni mbili zilizoungana na kaboni nne kila moja: moja ni nguzo, nyingine ni ile ya juu yenye methili mbili, na hiyo si nguzo hata kidogo. Dawa yake ni kufuta. Chukua penseli, ufute kila kitu ambacho ukikifuata kwa kidole unafika mwisho wa njia: methili, oksijeni ya ketoni, hidroksili, mkia wowote ule. Ukimaliza kufuta, kinachobaki ni pete tupu. Hapo angalia kaboni ambazo bado zina njia tatu za kutokea. Zitakuwa mbili, wala hazizidi. Hizo ndizo nguzo.

Sasa kafuri yenyewe. Nadhani unaifahamu kwa pua kabla ya kuifahamu kwa kemia. Kwetu pwani harufu yake humrudisha mtu kwenye msiba, maana maiti hupakwa kafuri. Fomula yake ni C10H16O. Ukifuta methili tatu na oksijeni, kiunzi kinabaki na kaboni saba. Hesabu yako ya kujihakikishia ni hii: jumlisha namba za mabano, ongeza mbili za nguzo. 2 + 2 + 1 + 2 = 7, ndiyo heptani. Saba na methili tatu ni kumi, sawa na fomula. Kama jumla haikubali, usiendelee na kutoa namba. Rudi kwenye nguzo. Mara nyingi utakuta uliihesabu nguzo kuwa sehemu ya daraja, ukaandika [3.3.2] au kitu cha namna hiyo.

Kutoa namba kuna amri moja ambayo haivunjwi kwa sababu yoyote. Unaanza kwenye nguzo mojawapo, hiyo ni 1. Unapita daraja refu kuliko yote mpaka nguzo ya pili. Unaendelea na daraja linalofuatia kwa urefu mpaka urudi ulikotoka. Mwisho kabisa unalipa namba daraja fupi, ukianzia upande ulio karibu na namba 1. Kwenye [2.2.1] nguzo zitakuwa 1 na 4 siku zote, na kaboni ya daraja fupi itakuwa 7 siku zote. Hata ketoni ikikaa juu ya hilo daraja fupi, itaitwa bicyclo[2.2.1]heptan-7-one, na huna la kufanya. Nimeona watu wakipita njia ya mkato juu ya daraja fupi ili ketoni ipate 2. Kiunzi kinahesabiwa kwanza. Matakwa ya ketoni yanasikilizwa baadaye, pale tu ambapo kiunzi kimekuachia nafasi ya kuchagua.

Na kafuri imekuachia nafasi. Nguzo ni mbili, kwa hiyo pa kuanzia ni pawili. Madaraja marefu ni mawili yenye urefu sawa, kwa hiyo pa kupita kwanza ni pawili. Mbili mara mbili, nne. Tuipe jina A nguzo yenye methili, na B ile yenye hidrojeni tu. Daraja moja lina ketoni, na ketoni hiyo imepakana na A.

Anza A, pita daraja lenye ketoni: ketoni ni 2, kaboni inayofuata 3, B ni 4, daraja la pili 5 na 6, kaboni ya juu 7. Anza A lakini pita kwanza daraja lisilo na ketoni: 2, 3, B ni 4, kaboni ya pembeni 5, ketoni 6. Hiyo ndiyo 6 yako. Anza B, pita upande wa ketoni: kaboni ya kwanza 2, ketoni 3, A ni 4. Hiyo ndiyo 3 yako. Anza B upande wa pili: 2, 3, A ni 4, ketoni 5.

Umepata 2, 6, 3 na 5. Ndogo ni 2, mchezo umekwisha. Methili hazikuulizwa kitu. Zimechukua namba zilizowaangukia, 1 kwenye nguzo A na 7,7 juu. Kwa kawaida mimi huandika namba hizo nne pembeni mwa karatasi kwa penseli, hata leo, kwa sababu jicho hupenda kuanzia pale mchoraji alipoanzia.

Kwa nini ketoni ndiyo ilisikilizwa kwanza? Kuna foleni. Wa kwanza kusikilizwa ni atomi ngeni zilizo ndani ya kiunzi, mfano oksijeni au naitrojeni iliyokaa mahali pa kaboni. Wa pili ni kikundi kikuu, kile kinachotajwa mwishoni mwa jina: ketoni, pombe, asidi. Wa tatu ni bondi maradufu na bondi za mara tatu. Wa nne ni matawi yote kwa pamoja, methili na wenzake. Kila mmoja anaruhusiwa kuchagua katika njia zilizobaki baada ya aliyemtangulia kuchagua. Ikibaki moja tu, wa nyuma hawana cha kuchagua.

Foleni hiyo ilinitia aibu mwaka mmoja, na nakusimulia kwa sababu ni hiyohiyo [7.2.0] ya zoezi lako. Mafuta ya karafuu hayana eugenoli peke yake. Ndani yake kuna pia beta-kariofilini, C15H24, yenye pete ya kaboni tisa iliyobandikana na pete ya kaboni nne. Kama una programu ya kuchora molekuli, ibandike hii uione:

```
CC1=CCCC(=C)C2CC(C)(C)C2CC1
```

Futa matawi yake: methili moja kwenye pete kubwa, methili mbili zilizokaa pamoja kwenye pete ndogo, na CH2 iliyoning'inia kwa bondi maradufu. Zinabaki kaboni kumi na moja. Nguzo ni mbili zile zinazochangia bondi kati ya pete. Kutoka nguzo hadi nguzo kupitia pete kubwa unakutana na kaboni saba. Kupitia pete ndogo, mbili. Moja kwa moja, sifuri. 7 + 2 + 0 + 2 = 11, ndiyo undekani.

Hapa madaraja hayalingani hata mawili, kwa hiyo mpangilio wa kupita hauna mjadala. Kuna uchaguzi mmoja tu, nguzo ya kuanzia. Nguzo moja imepakana na kaboni yenye methili mbili. Nyingine imepakana na kaboni yenye ile CH2 ya kuning'inia. Ukianzia iliyopakana na methili mbili, bondi maradufu ya ndani ya pete inakuwa kati ya 4 na 5, methili ya pete kubwa iko 4, CH2 iko 8, nguzo ya pili ni 9, na methili mbili ziko 11. Ukianzia nguzo nyingine, CH2 inakuwa 2, bondi maradufu inakuwa kati ya 5 na 6, methili inakuwa 6, na zile mbili zinakuwa 10.

Nilitunga mtihani, nikaandika mwongozo wa kusahihisha usiku, nikalinganisha matawi: 2,6,10,10 dhidi ya 4,8,11,11. Nikaona seti ya kwanza ni ndogo waziwazi, nikaitangaza kuwa jibu. Nikasahihisha karatasi zaidi ya thelathini kwa mwongozo huo. Binti mmoja akabisha hodi ofisini na karatasi yake, akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, bondi maradufu haikusikilizwa." Kweli. Bondi maradufu iko mbele ya matawi kwenye foleni. 4 ni ndogo kuliko 5, na hapo ndipo mambo yanapoishia, hata kama matawi yote yanalalamika. Jina sahihi ni 4,11,11-trimethyl-8-methylidenebicyclo[7.2.0]undec-4-ene. Nilirudi kusahihisha upya zote.

Huenda ukauliza mbona ile CH2 nayo ina bondi maradufu na haikuhesabiwa kwenye kundi hilo. Kwa sababu bondi hiyo imetoka nje ya kiunzi. Mguu wake mmoja tu uko kwenye pete. Hiyo hutajwa kama tawi, methylidene. Bondi maradufu inayojipatia mwisho wa -ene ni ile ambayo miguu yake yote miwili iko ndani ya kiunzi.

Kuna jambo lingine linalofanana na swali lako la kafuri lakini hudanganya kwa upande wa pili. Tapentaini ya kweli, ile itokanayo na utomvu wa msonobari, ina alfa-pinini. Vitabu huichora kama pete ya kaboni sita na daraja dogo juu lenye methili mbili, sura inayokaribiana sana na ya kafuri. Mwanafunzi aliyezoea kafuri huandika 7,7 bila kufikiri. Hesabu shanga: daraja moja lina kaboni tatu, mengine mawili yana moja moja. Ni [3.1.1]. Daraja la juu si fupi kuliko mwenzake. Ni sawa naye. Hivyo ni hiari yako lipi lipitwe la pili na lipi libaki la mwisho, na hiari hiyo unaitumia kuzipa methili namba ndogo. Linalopitwa la pili linapata 6, la mwisho linapata 7. Jina ni 2,6,6-trimethylbicyclo[3.1.1]hept-2-ene. Mchoraji kuliweka daraja juu hakulifanyi kuwa la mwisho.

Mikaratusi nayo ina funzo lake. Sineoli, ndiyo inayokufungua pua ukivuta mvuke wa majani yake, ina kiunzi cha [2.2.2], na mojawapo ya atomi za daraja ni oksijeni. Ndani ya mabano unahesabu atomi za kiunzi, si kaboni peke yake. Oksijeni inahesabiwa kama shanga nyingine yoyote, jumla inakuwa nane, na jina linaishia na octane ingawa kaboni za kiunzi ni saba tu. Kisha oksijeni inakuwa wa kwanza kwenye foleni: ipewe 2, isipewe 3. Unapata 1,3,3-trimethyl-2-oxabicyclo[2.2.2]octane. Hapa madaraja yote yanalingana, kwa hiyo njia halali za kuhesabu ni kumi na mbili, lakini usizihesabu zote. Simama kwenye nguzo iliyoshikana na oksijeni na uanze kwa kupita juu ya oksijeni yenyewe. Zilizobaki zote zinaipa namba kubwa zaidi.

Neno kuhusu pete zilizobandikana, kwa sababu ndipo wengi huchanganya mifumo miwili. Dekalini, pete mbili za kaboni sita ubavu kwa ubavu, kwa mfumo huu ni bicyclo[4.4.0]decane. Lakini jina linalopendelewa na IUPAC ni decahydronaphthalene, kwa sababu pete zote mbili zina atomi tano au zaidi na kwa hiyo zinastahili mfumo ule mwingine wa pete zilizoungana. Kariofilini haistahili, maana pete yake moja ina kaboni nne tu. Ndiyo maana yenyewe inabaki kwenye mabano. Majina yote mawili ya dekalini utayakuta, na hatari iko kwenye namba. Kwenye mfumo wa naftalini, kaboni za kiungo hazipewi namba zake zenyewe. Huitwa 4a na 8a. Kwenye mfumo wa mabano ni 1 na 6, kama nguzo nyingine yoyote. Matokeo yake, methili iliyo jirani na kiungo ni namba 1 kwenye jina moja na namba 2 kwenye jingine: 1-methyldecahydronaphthalene na 2-methylbicyclo[4.4.0]decane ni kitu kilekile. Ukihamisha namba kutoka jina moja kwenda jingine bila kuhesabu upya, umesogeza methili mpaka kwenye kaboni isiyo yake.

Njia ya kujua umepatia ni kurudi nyuma. Funika mchoro, baki na jina ulilolitunga. Chora nguzo mbili, weka shanga kama mabano yanavyosema, toa namba, ning'iniza matawi. Funua, linganisha. Kama umepata molekuli nyingine, jina ni la uongo. Kama umepata molekuli ileile, jina linaelezea kitu sahihi, ingawa huenda bado si lile lililo dogo: bicyclo[2.2.1]heptan-3-one yenye 4,7,7-trimethyl nayo itakurudishia kafuri bila kasoro, na maksi hutapata. Hapo ndipo unaandika zile namba nne pembeni mwa karatasi.

Zoezi lako la [7.2.0] sijui limeishia wapi, lakini kama lina pombe badala ya bondi maradufu, anza upya na foleni kabla hujagusa matawi.